Nimepata ufadhili Uingereza: niahidi nini kwenye barua ya kuomba ruhusa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini. Nina umri wa miaka 30, nimeshathibitishwa kazini. Mwaka jana niliomba ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, bila kumwambia mtu, maana sikutaka kuchekwa nikikosa. Nimepata. Nitasoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia ya tiba London, mwaka mmoja. Wanalipa ada, nauli na posho ya kujikimu. Masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba.

Maabara tuko wanne tu. Mkuu wangu wa kitengo aliposikia alinyamaza kwanza, kisha akaniita pembeni: "Ukipeleka barua kwa Mkurugenzi atakataa, hukuwemo kwenye mpango wa mafunzo. Wewe nenda kimyakimya, mshahara utaendelea kuingia, wenzako watakusainia mahudhurio." Najua ananipenda, lakini usingizi umepotea.

Nina mkopo wa benki wa kujengea, na mama yangu ana kisukari, anatibiwa kwa kadi ya bima iliyo kwenye jina langu. Isitoshe, binamu yangu aliyeko Uingereza ananiambia wanaorudi ni wajinga. Leo hii mimi nataka kurudi. Mwakani sijui.

Nimeandika barua, kiini chake ni hiki: "Kwa heshima na taadhima naomba ruhusa ya masomo yenye malipo. Naahidi kwa moyo wangu wote kwamba nitarudi na kuitumikia halmashauri yetu hadi nitakapostaafu." Nikifika hapo kwenye kuahidi, mkono unakuwa mzito. Je, barua itapita? Na ni kosa kuahidi jambo ambalo sina uhakika nalo?

Mtu wa Maabara

*

Marahaba, binti yangu, na hongera.

Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya utumishi ya halmashauri, kwa hiyo acha nianze na meza ambayo barua yako itatua. Mkurugenzi Mtendaji ndiye atakayesaini jibu, lakini hataisoma kwanza. Itasomwa na Afisa Utumishi, naye ana maswali yake ya kawaida. Huyu amethibitishwa? Anaondoka tarehe ngapi na kurudi tarehe ngapi? Nani analipa nini? Nani atafanya kazi yake? Barua ikijibu hayo, anaandika dokezo na jalada linapanda juu. Isipojibu, jalada linalala. Neno "kwa moyo wangu wote" halina mahali pa kukaa kwenye dokezo, na barua yako kwa sasa ina moyo mwingi kuliko tarehe.

Sasa huo mkono mzito. Mimi sidhani ni mkono wa mtu mwongo. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, nawe una 30. Umejiandikia deni la miaka 30 kwa ajili ya mwaka mmoja wa masomo, tena bila kuombwa na mtu. Mkono unaoshtuka mbele ya sentensi kama hiyo una akili. Umedhani ahadi ikiwa kubwa ndipo ruhusa itakuja kirahisi, lakini aliyekaa kwenye kile kiti ameshaona ahadi nyingi za namna hiyo na kiti cha aliyeahidi kikabaki kitupu. Inayomtuliza ni ahadi ndogo yenye tarehe, anayoweza kuifuatilia.

Na kuna ahadi ambayo tayari umo ndani yake. Chevening wanamtaka kila mnufaika arudi katika nchi yake na kukaa angalau miaka miwili baada ya ufadhili kwisha. Sharti hilo linakubana hata mwajiri wako asipojua. Lakini lisome vizuri: linasema urudi Tanzania, halisemi urudi kwenye maabara yenu. Unaweza kulitimiza ukiwa Mwanza, kwenye shirika binafsi, na bado ukawa umemvunjia ahadi Mkurugenzi wako. Hizi ni ahadi mbili, kwa watu wawili. Swali la kujiuliza usiku halihusu tena moyo wako wa mwaka 2055. Ni kama unaweza kuwapa hospitali ile ile miaka miwili baada ya kurudi. Hilo unaweza kulijibu leo, kwa ndiyo, kwa hapana, au kwa "mwaka mmoja naweza, miwili siwezi". Jibu lolote kati ya hayo lina barua yake.

Binamu yako naye tumsikilize, maana hasemi kwa ubaya. Mtu aliyepita njia yake mwenyewe huona njia yake ndiyo njia. Lakini aliyekwenda kwa fedha zake na aliyekwenda kwa fedha za serikali ya Uingereza hawamo kwenye hali moja. Hata ukitaka kuhamia viza ya kubaki baada ya kuhitimu, mtu aliyelipiwa ada na maisha na serikali hutakiwa kuwa na ridhaa ya mfadhili huyo, na mfadhili wako ndiye aliyekuandikia sharti la kurudi. Kwa hiyo akikwambia "wote wanabaki", muulize hao wote walilipiwa na nani.

Kuhusu ushauri wa mkuu wako, hapa nitasema kwa ukali kidogo, anisamehe. Kusainiwa mahudhurio ni mtego, na hautakunasa peke yako. Katika utumishi wa umma, kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano kunatosha kukufungulia mashtaka ya utoro ambayo mwisho wake ni kufukuzwa. Wewe utakuwa haupo mwaka mzima. Zamani mambo hayo yalipita chini kwa chini, lakini tangu msako wa watumishi hewa wa mwaka 2016, ambapo wakuu wa mikoa waliagizwa kusafisha orodha za mishahara, hakuna Afisa Utumishi anayetaka jina la mtu asiyeonekana libaki kwenye orodha yake. Uhakiki ukija, wewe utadaiwa mishahara yote uliyopokea, na wale watatu waliokuwa wakisaini watajibu kwa nini walisaini. Watakuwa wamehatarisha ajira zao kwa kukupenda. Tena utakaporudi na cheti chako, utakipeleka wapi? Shahada iliyosomwa bila ruhusa ni vigumu kuiingiza kwenye jalada ili ubadilishiwe muundo, kwa sababu jalada litauliza ulisoma lini ilhali mahudhurio yanaonyesha ulikuwa kazini.

Hata hivyo ana hoja moja ya kweli: hukuwemo kwenye mpango wa mafunzo. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mpango huandaliwa kabla ya hapo. Lakini mpango huo kazi yake kubwa ni fedha za halmashauri, nawe huombi ada wala nauli. Hilo liseme mapema kwenye barua, mstari wa kwanza kabisa baada ya kujitambulisha. Usijifanye ulikuwemo. Sema ufadhili ulitangazwa baada ya mpango kupita, kama ndivyo ilivyokuwa, na uombe uingizwe. Usitegemee pia kusogeza masomo hadi mwakani, kwa kuwa Chevening hawaahirishi nafasi.

Sasa mshahara, ambao nadhani ndio utakaoamua mambo mengi kuliko ahadi. Umeomba ruhusa "yenye malipo" kwa pumzi moja, kama vile ni kitu kimoja. Ni vitu viwili: kuruhusiwa kuondoka, na kuendelea kulipwa ukiwa haupo. Mwajiri anaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili, akakupa likizo bila malipo. Ukiyafunga pamoja, huenda akakataa yote kwa sababu ya moja.

Kabla hujachagua, kaa na karatasi ya mshahara. Tuseme, kwa mfano tu, mshahara wako wa msingi ni shilingi 1,000,000. Kila mwezi hapo hukatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, na mwajiri huongeza asilimia 15 kutoka mfukoni mwake. Bima ya NHIF hukatwa asilimia 3, mwajiri naye anatoa 3. Kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo na hujamaliza deni, kuna asilimia 15 nyingine. Kisha unakuja mkopo wa benki. Mshahara ukisimama, vyote hivyo vinasimama, lakini madeni hayasimami. Benki itataka marejesho kila mwezi, na Bodi itataka ulipe mwenyewe. Mfuko wa pensheni utabaki na shimo la miezi 12, ambalo ni kama shilingi 2,400,000 za michango kwa mfano huu. Hilo utaliona uzeeni. Kadi ya mama yako utaiona mwezi ule ule. Nenda ofisi ya NHIF sasa, kabla ya barua, uulize mchango wa mwajiri ukisimama wategemezi wako wanakuwa kwenye hali gani na kuna njia gani nyingine ya kumkatia bima. Nenda benki pia, uulize kama wanaweza kusogeza muda wa mkopo. Posho ya Chevening imepimwa kwa mtu mmoja kuishi. Kuna wanaobana na kutuma nyumbani, lakini usijenge bajeti ya mama yako juu ya kubana huko London.

Ukishajua hayo utaona likizo bila malipo unaiweza au huiwezi. Kama unaiweza, ukiitaja kwenye barua utamrahisishia sana Afisa Utumishi. Hatari yake ni kwamba ukishaitaja, hakuna atakayehangaika kukutafutia malipo. Kama huiwezi, omba malipo peke yake na ujiandae kwa majadiliano. Mimi sijui mkopo wako ni wa kiasi gani, kwa hiyo siwezi kukuchagulia.

Wakikubali kukulipa, kuna uwezekano mkubwa watakuletea mkataba wa kurejea kazini usaini, na hapo ndipo ahadi yako inageuka kuwa fedha. Usisaini siku hiyo hiyo. Omba uende nao nyumbani. Tazama muda wa kutumikia unaanza kuhesabiwa lini. Tazama pia kama deni linapungua kadiri unavyotumikia. Tuchukue ule mfano: ulilipwa 1,000,000 kwa miezi 12, jumla 12,000,000, na mkataba unakutaka utumikie miezi 24. Ukaondoka baada ya miezi 15. Mkataba wa haki utakudai miezi tisa iliyobaki kati ya 24, yaani shilingi 4,500,000. Mkataba mbaya utakudai 12,000,000 zote hata kama umebakiza mwezi mmoja. Tofauti hiyo hukaa kwenye sentensi moja. Ikiwa haimo, omba iandikwe. Uliza pia: wao wenyewe wakikuhamisha, au ukihamia halmashauri nyingine ndani ya serikali hiyo hiyo, je, hesabu inaendelea?

Umeniambia maabara mko wanne. Nadhani hapo ndipo hofu ya hospitali ilipo, na barua yako haigusi kabisa. Ukiondoka watabaki watatu wa kushika mchana, usiku, sikukuu na damu salama. Mkurugenzi hatakosa usingizi kwa sababu hujaahidi hadi kustaafu. Atakosa usingizi mama mjamzito akitokwa na damu saa nane za usiku na hakuna wa kupima kundi la damu. Kaa na hao watatu mpange zamu halisi ya mwezi mmoja bila jina lako. Ikikaa, iambatanishe. Isipokaa, sema wazi kwamba inahitaji mtu mmoja wa kujitolea au wa kuazimwa kutoka kituo cha afya, na mwezi wa Agosti utamfundisha wewe. Huenda mkuu wako akabadilika akiona jambo hilo limefikiriwa. Nahisi ule ushauri wake wa kimyakimya ulitokana na kutaka mshahara wako usipotee, na kuogopa kubaki na nafasi isiyojazwa.

Barua ningeiandika hivi. Ibadilishe iwe yako, hasa pale penye miaka:

"Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya. Kupitia kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya. Kupitia kwa: Mganga Mfawidhi, Hospitali ya Wilaya.

YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA MASOMO NJE YA NCHI, MWAKA MMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mteknolojia wa Maabara, cheki namba iliyotajwa hapa chini, niliyethibitishwa kazini. Nimepata ufadhili kamili wa Chevening kusoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia ya tiba nchini Uingereza. Ada, nauli na gharama za kujikimu zinalipwa na mfadhili. Halmashauri haitachangia gharama hizo.

Naomba ruhusa kuanzia tarehe ya kusafiri hadi mwisho wa masomo, tarehe zote mbili zikiwa kwenye barua ya chuo niliyoambatanisha. Naomba pia kibali cha kusafiri nje ya nchi. Kuhusu mshahara, naomba kuendelea kulipwa katika kipindi hicho kwa mujibu wa taratibu.

Zamu ya maabara kwa kipindi nitakachokuwa masomoni imeambatanishwa, imekubaliwa na wenzangu na mkuu wa kitengo.

Nitaripoti kazini ndani ya siku 30 baada ya masomo kumalizika na kuitumikia hospitali kwa miaka miwili isiyopungua. Masharti ya mfadhili, ambayo pia nimeyaambatanisha, yananitaka kurejea Tanzania kwa kipindi kama hicho."

Ile sentensi ya siku 30 ndiyo ahadi yenyewe. Ina mwanzo, ina mwisho, na inaweza kuvunjwa kwa ushahidi; ndiyo maana ina uzito. Kama mkono bado ni mzito kwenye "miaka miwili", andika mmoja na ukubali kwamba huenda malipo yakapungua kwa sababu hiyo. Kama hata mmoja unakushinda, bado kuna njia ya kuacha kazi kwa notisi na kwenda huru. Utakuwa umepoteza cheo na mwendelezo wa utumishi, na ukitaka kurudi serikalini utashindana upya kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ni njia ghali, lakini hakuna mtu atakayekuwa anasaini jina lako.

Kuna jambo ambalo ningeongeza kwenye barua kwa tahadhari. Mikrobiolojia ya tiba ingekupa uwezo wa kuotesha vimelea na kupima ni dawa gani inaviua, kipimo ambacho hospitali nyingi za wilaya hazikifanyi, ndiyo maana daktari hubadilisha antibiotiki kwa kukisia. Ni hoja nzuri mno. Lakini usiahidi kwamba utaanzisha huduma hiyo. Inahitaji chumba, incubeta na vitendanishi, na hivyo vinanunuliwa na halmashauri, wewe huvinunui. Ahidi kwamba utakuwa na ujuzi na utaandaa mpango. Ununuzi waachie wao.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa masijala ubaki nayo, hata kama maombi yanapita pia kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni. Hesabu siku. Wiki mbili zikipita kimya, nenda mwenyewe kwa Afisa Utumishi na nakala yako mkononi, uulize jalada liko kwa nani. Akikwambia kwa mdomo "we nenda, barua itakufuata", mshukuru, na usikate tiketi. Ikija barua ya kukataa, iwe imeandikwa sababu, kwa kuwa "hakuna wa kushika zamu" na "hakuna fungu la mshahara" ni milango miwili tofauti, na wa pili unaweza kufunguka ukirudi na ombi la likizo bila malipo.

Ila ile safari ya NHIF ifanye wiki hii, kabla ya yote, na umchukue mama muende naye.